Ada Isirudi, Ruzuku Ipande

Kila Januari shule zinapofunguliwa Tanzania, hoja ile huibuka tena: ada irejeshwe katika shule za serikali. Wanaoitoa mara nyingi ni watu wanaoijua shule kwa ndani, kama walimu wakuu wastaafu, wajumbe wa kamati za shule, na wazazi waliosomba mchanga na mawe madarasa yakijengwa. Wanasema shule haiendeshwi kwa maneno matupu, na kwamba mzazi asiyetoa chochote hafuatilii chochote. Nawaheshimu, na sehemu kubwa ya malalamiko yao ni ya kweli. Ninachopinga ni dawa wanayoiagiza.

Nianze na pale walipopatia. Mpango wa elimu bila ada ulipoanza Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 6,000 zilipelekwa shuleni na 4,000 zilibaki juu kwa ajili ya vitabu. Tuseme shule ina watoto 600. Itapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo mwalimu mkuu anunue chaki, abadilishe kitasa kilichovunjika, azibe bati linalovuja na kuchapa mitihani. Mtihani wa masomo sita, karatasi mbili kwa kila somo, unahitaji karatasi 7,200 kwa watoto hao, ambazo ni rimu zipatazo 15. Rimu ikiuzwa shilingi 12,000, 180,000 zimeshaondoka kabla ya wino. Mlinzi na mpishi bado hawajatajwa, na mara nyingi hao hulipwa kutoka mifukoni mwa wazazi.

Kiwango hicho cha 10,000 hakikubuniwa mwaka 2016. Kilianza na mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, MMEM, mwaka 2002, wakati dola moja ilipokuwa karibu shilingi 1,000. Kufikia 2016 dola ilikuwa imevuka shilingi 2,000, lakini ruzuku ilibaki palepale. Kwa hiyo anayesema shule zina njaa hasemi uongo.

Hapo ndipo tunapoachana njia. Ada haiangalii nani anayo na nani hana. Mwenye duka mjini na mkulima ambaye mahindi yake yamekauka wanadaiwa kiasi kilekile, tarehe ileile. Akikosa huyo wa pili, anayerudishwa nyumbani si yeye, ni mtoto. Tuna ushahidi wetu wenyewe. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 6.5 mwaka 2003. Wazazi wa wale zaidi ya milioni mbili hawakuanza kuipenda elimu ghafla. Wengi walikuwa wakiipenda muda wote, ila kilichokuwa mlangoni kiliwashinda.

Nao wanaosema cha bure hakithaminiwi, naomba tuhesabu pamoja. Sare, viatu, daftari, nauli na chakula cha mchana vyote bado ni juu ya mzazi. Mzazi huyo ameshalipa. Kama haji mikutanoni, huenda ni kwa sababu anaitwa tu siku ya kuchangishwa, na haonyeshwi fedha za mwaka jana zilikwenda wapi.

Pendekezo langu ni ruzuku inayofika shuleni ipande hadi shilingi 15,000 kwa mtoto. Shule yetu ya watoto 600 itapata milioni 9 kwa mwaka, au 750,000 kwa mwezi. Gharama yake si ndogo: nyongeza ya 9,000 kwa wanafunzi wa msingi wapatao milioni 11 ni karibu shilingi bilioni 100 kila mwaka, na wapinzani wangu wana haki ya kuuliza zitatoka wapi. Jibu langu ni kwamba fedha hizo wananchi watazitoa kwa njia yoyote ile. Kupitia kodi, mwenye kipato kikubwa anaweza kubeba zaidi, na hakuna mtoto anayesimamishwa getini.

Michango ya chakula au ulinzi iendelee pale mkutano wa wazazi ulipoiridhia, kwa risiti, na mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Asiye na fedha aruhusiwe kutoa kuni au debe la mahindi, na asiyeweza hata hivyo asiadhibiwe kupitia mtoto wake. Ruzuku ikipanda, hesabu zikawekwa wazi, na shule bado zikawa hazina chaki, nitakuwa tayari kuusikiliza upya upande wa ada. Kwa sasa tungekuwa tunamtoza mzazi faini kwa ruzuku ambayo si yeye aliyeiacha ichakae.