Nafasi Imeshikwa, Tiketi Haijatolewa

Desemba ikikaribia, viti vya ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro, Mwanza na Bukoba huanza kugombewa. Wachaga wanarudi Moshi, wenye watoto shuleni wanasubiri likizo, na bei hupanda kadiri ndege inavyojaa. Huo ndio msimu wa matapeli. Kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook hujitokeza "mawakala" wenye tiketi za nusu bei, na wengi wao wanajua jambo moja ambalo wasafiri wengi hawalijui: kiti kinaweza kushikwa kwa jina la abiria bila mtu yeyote kulipa hata senti.

Tumfikirie mama mmoja wa Tabata anayetaka kwenda Mwanza tarehe 22 Desemba. Tovuti ya shirika la ndege inamwonyesha shilingi 320,000. Wakala wa mtandaoni anamwambia 150,000, "ofa ya leo tu". Mama ana wasiwasi, hivyo anaomba uthibitisho kwanza. Wakala hana neno. Anaomba jina kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho, na baada ya dakika kumi anatuma herufi na tarakimu sita, mathalani `X7QK2M`, pamoja na ushauri unaoonekana wa kiungwana: "Ingia mwenyewe kwenye tovuti ya shirika, hakiki, ndipo ulipe."

Mama anaingia. Jina lake lipo. Tarehe ipo, saa ya kuondoka ipo, na pembeni pameandikwa `Confirmed`. Anatuma pesa.

Alichokiona hakikuwa cha kughushi, na hapo ndipo ukali wa utapeli huu ulipo. Zile alama sita, ambazo mawakala huziita PNR, ni namba ya kumbukumbu ya nafasi. Zinaonyesha kwamba mfumo wa shirika umemwekea abiria kiti kwa muda, na neno `Confirmed` linahusu kiti hicho, si malipo. Wakala halali hufanya hivyohivyo kila siku: anamshikia mteja nafasi, anampa saa ya mwisho ya kulipia, na pesa ikiingia anatoa tiketi. Saa hiyo ikipita bila malipo, mfumo unafuta nafasi wenyewe, wakati mwingine baada ya saa chache, wakati mwingine baada ya siku moja au zaidi, kutegemea shirika na aina ya nauli. Tapeli anachohitaji ni nafasi hiyo idumu mpaka mteja atume pesa. Mama wa Tabata atagundua hayo akiwa kiwanja cha ndege, na mabegi yake.

Tiketi yenyewe ina namba yake tofauti. Kwa mashirika mengi makubwa ni tarakimu 13, na tatu za mwanzo ni za shirika lililoitoa: 197 ni Air Tanzania, 706 ni Kenya Airways, 071 ni Ethiopian, 176 ni Emirates. Tarakimu hizo tu hazitoshi, kwa kuwa mtu yeyote anaweza kuzichapa kwenye karatasi ya PDF yenye nembo nzuri. Tena yapo mashirika ya bei nafuu yasiyotumia namba za namna hiyo. Kipimo cha kuaminika ni kulipigia shirika lenyewe, kwa namba iliyo kwenye tovuti yake na si ile aliyoitoa muuzaji, kisha kuuliza maswali mawili kwa kutaja PNR: je, tiketi imeshatolewa? Kama bado, mwisho wa kulipia ni lini? Wakala aliyesema "tiketi yako iko tayari" huku shirika likijibu kwamba nafasi inasubiri malipo ameshasema uongo, na hakuna haja ya kuendelea naye.

Bei nayo inajieleza, kwa anayejua nani anaipanga. Wakala hapangi nauli. Shirika ndilo linaloipanga, na juu yake kuna kodi na tozo za viwanja ambazo wakala hana mamlaka ya kuzisamehe. Riziki ya wakala ni kamisheni ndogo au ada ya huduma, kwa hiyo anaweza kupunguza kidogo, lakini hawezi kukata nusu nzima bila kulipa kutoka mfukoni mwake. Shirika likitoa ofa ya kweli, bei hiyo huonekana pia kwenye tovuti ya shirika kwa safari ileile.

Kuna njia moja ambayo tiketi ya nusu bei hutolewa kweli: kuinunua kwa kadi ya benki iliyoibwa. Tapeli hulipa kwa kadi ya mtu mwingine, kisha humuuzia msafiri kwa pesa taslimu. Tarakimu 13 zipo, shirika likipigiwa linathibitisha. Halafu mwenye kadi analalamika benki, na tiketi inafutwa, pengine abiria akiwa ameshakwenda na hana pa kurudia. Polisi wa Ulaya, Europol, wamekuwa wakiratibu operesheni za kuwasaka abiria wa tiketi hizo viwanjani, na anayeanza kuhojiwa ni yule mwenye pasi mkononi. Hapa simu kwa shirika haisaidii. Kinachobaki kumlinda msafiri ni bei yenyewe.

Wengine hawatumi PNR, wanatuma kiungo cha tovuti. Rangi, nembo na picha za ndege hunakiliwa kwa saa moja. Alama ya kufuli nayo haithibitishi uaminifu: inaonyesha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani, na cheti chake hupatikana bure. Cha kusoma ni anwani, na husomwa kuanzia kulia, kutoka pale mkwaju wa kwanza unapotokea baada ya jina. Tovuti ya Air Tanzania ni `airtanzania.co.tz`. Anwani kama hii ni ya mtu mwingine kabisa:

```
airtanzania.co.tz.punguzo-tiketi.com/lipa
```

Mwenye nyumba hapo ni `punguzo-tiketi.com`, na maneno yote yaliyotangulia ameyaandika apendavyo. Anwani inayoishia `.com` inaweza kuchunguzwa bure kwenye `lookup.icann.org`, ambako hutajwa tarehe iliposajiliwa. Kampuni inayodai kuuza tiketi kwa miaka kumi huku anwani yake ikiwa na wiki tatu haistahili kupewa pesa. Tahadhari hiyohiyo inafaa kwa matokeo ya kwanza ya Google, kwa kuwa mengine ni matangazo ya kulipiwa na huandikwa hivyo kwa maandishi madogo.

Mwisho kabisa ni jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri. Kampuni ikitaka ilipwe, jina la kampuni ndilo linalopaswa kusomeka kwenye Lipa Namba. Likitokea jina la mtu binafsi, na maelezo yakawa kwamba "huyo ni mhasibu wetu", msafiri asitishe muamala papo hapo.

Na kama pesa imeshakwenda, apige simu mara moja huduma kwa wateja wa mtandao aliotumia na kuomba muamala uzuiwe, kwa maana pesa ikishatolewa na kugawanywa kwenye laini nyingine ni vigumu kuirudisha. Baada ya hapo ahifadhi ujumbe wote na kwenda polisi. Kwa Tanzania, namba ya tapeli huripotiwa pia kwa kutuma ujumbe mfupi kwenda 15040.