Dakika Moja Mezani kwa Mwajiri: Namna ya Kujiandaa kwa Maonesho ya Ajira

Mkazi anayekwenda kwenye maonesho ya ajira kwa kawaida hubeba bahasha yenye nakala za vyeti, huizungusha meza hadi meza, huacha nakala moja kila mahali na kurudi nyumbani kusubiri simu. Mara nyingi simu hiyo hailii. Jioni afisa ajira huwa na rundo la bahasha zinazofanana, na zile anazozikumbuka ni za watu waliomwambia jambo mahususi, wakamuuliza jambo mahususi, na kesho yake wakamwandikia kuhusu jambo lilelile. Kwa hiyo utambulisho, maswali na ufuatiliaji ni mnyororo mmoja, na ni vema uandaliwe wote kabla ya kutoka nyumbani.

Tuchukue mfano wa binti aliyehitimu ufundi umeme VETA, ambaye amesikia kwamba kiwanda cha kusindika alizeti kitakuwa na meza katika maonesho. Akifika na kusema, "Natafuta kazi yoyote," huwa amempa afisa kazi ngumu, kwani fomu iliyo mbele ya afisa huyo ina orodha ya nafasi na "yoyote" haimo. Jina lake litaandikwa pembeni, mahali ambapo hakuna atakayelitafuta.

Utambulisho unaofaa huchukua takriban nusu dakika. Baada ya salamu inayolingana na umri wa anayesalimiwa, na baada ya kutaja jina lake, binti huyu anaweza kusema hivi: "Ni fundi umeme, nimehitimu VETA daraja la tatu. Nilifanya mazoezi kwa vitendo miezi miwili kwenye mashine za kukoboa mpunga, nikimsaidia fundi mkuu kubadilisha beringi za mota mbili na kuunganisha upya stata zake. Natafuta nafasi ya fundi wa matengenezo kiwandani, na naweza kufanya kazi zamu ya usiku. Ningependa kujua, fundi mpya kwenu huanzia kwenye mashine zipi?"

Maneno hayo yanaeleza yeye ni nani, amefanya nini kwa mikono yake na anataka nafasi ipi, kisha yanafunga kwa swali. Swali hilo la mwisho ndilo linalogeuza hotuba kuwa mazungumzo. Izingatiwe pia kwamba amesema "nikimsaidia". Angedai kwamba alizifunga mota hizo peke yake, afisa aliye fundi angemuuliza zilikuwa za kilowati ngapi na ziliwashwa kwa stata ya aina gani, na kigugumizi kingeharibu hata yale ya kweli aliyoyasema. Kipimo kizuri ni kwamba kila sentensi ya utambulisho iweze kuhimili maswali matatu ya nyongeza. Isiyoweza iondolewe, hata kama inapendeza.

Utambulisho ufanyiwe mazoezi kwa sauti, mbele ya ndugu mwenye saa. Ukipita dakika moja, upunguzwe kwa kuondoa historia ya shule, si kwa kuharakisha maneno.

Kuhusu maswali, yale ambayo majibu yake yamebandikwa kwenye bango la mwajiri yaachwe. Swali lenye thamani kubwa kuliko yote, ambalo wengi huona haya kuliuliza, ni hili: "Je, nafasi hii ipo wazi sasa, au mnakusanya majina kwa ajili ya baadaye?" Baadhi ya waajiri huja kwenye maonesho kujitangaza tu, na si kosa, lakini anayetafuta kazi anapaswa kujua tofauti hiyo ili asifunge milango mingine kwa kusubiri. Afisa mwenye nafasi halisi hutaja mambo yanayoshikika: mwisho wa kupokea maombi, idara inayohusika, idadi ya watu wanaohitajika. Akijibu tu, "Acha wasifu, tutakutafuta," basi aulizwe kwa upole wasifu huo utumwe kwa anwani gani na kwa kichwa gani cha habari. Jibu la swali hilo dogo ndilo litakalotumika kesho yake.

Swali jingine lihusu mkataba: ni wa muda gani, na kipindi cha majaribio ni miezi mingapi. Hapa anayeuliza aijue Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayoweka ukomo wa saa za kawaida za kazi kuwa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Akiambiwa kwamba zamu ni ya saa 12, aulize saa za ziada hulipwaje. Mshahara unaweza kusubiri hadi usaili, isipokuwa mwajiri mwenyewe akiuanzisha. Lakini anayeombwa fedha ya fomu, ya sare au ya "kuharakisha jina" aondoke mezani bila kutoa chochote, wala asiache cheti halisi kwa mtu yeyote.

Meza za taasisi za umma zina utaratibu wake. Nafasi nyingi za utumishi wa umma hutangazwa na kuombwa kwa njia ya mtandao kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, kwenye `portal.ajira.go.tz`. Huko kuacha bahasha mezani hakusaidii; linalofaa kuulizwa ni sifa zinazotakiwa na nyaraka zinazopaswa kupakiwa.

Mara tu anapoondoka mezani, kabla ya kwenda meza nyingine, mgeni asimame pembeni aandike kwenye daftari jina la afisa, anwani aliyopewa, tarehe ya mwisho na jambo moja lililozungumzwa. Akisubiri hadi jioni, meza tano zitakuwa zimechanganyika kichwani.

Kesho yake, ikiwezekana kabla ya saa sita mchana, atume barua pepe fupi. Binti wa mfano wetu aliambiwa kwamba fundi mpya huanzia kwenye mashine za kukamulia, na kwamba leseni ya EWURA itahitajika. Ataandika hivi: "Jana tulizungumza kwenye maonesho kuhusu nafasi ya fundi wa matengenezo. Ulinieleza kwamba fundi mpya huanzia kwenye mashine za kukamulia na kwamba leseni ya EWURA inahitajika. Maombi yangu ya leseni nitayawasilisha wiki hii. Naambatisha wasifu na nakala za vyeti, na napatikana kwa usaili siku yoyote ya kazi." Faili lipewe jina linaloeleweka, lenye jina la mwombaji na fani yake, wala lisiitwe "nyaraka mpya 2".

Ipo hitilafu moja inayowakosesha wakazi wengi majibu: kutumia barua pepe ya mwenye steshenari. Ujumbe huondoka vizuri, lakini jibu hurudi kwa mwenye duka, ambaye huenda asilifungue kwa wiki nzima. Mwombaji afungue anwani yake mwenyewe kabla ya siku ya maonesho, aandike nywila mahali salama, na ajaribu kujitumia ujumbe ili ahakikishe unafika. Namba ya simu iliyo kwenye wasifu nayo iwe ya laini inayopatikana kila siku.

Iwapo siku saba za kazi zitapita bila jibu, na tarehe ya mwisho imeshapita, atume ukumbusho mmoja wa sentensi mbili juu ya barua ileile ili afisa aone mazungumzo ya awali. Asipige simu isipokuwa aliambiwa apige. Ukimya ukiendelea, ukurasa huo wa daftari uwekwe alama, na nguvu zielekezwe kwa mwajiri anayefuata kwenye orodha.