Kujua Kwamba Unaota: Ndoto ya Breki Zisizoshika

Chukulia dereva wa lori anayepumzika Igawa, kando ya barabara kuu iendayo Tunduma. Miezi mitatu iliyopita breki za gari lake zilishindwa kwenye mteremko wa Kitonga, mkoani Iringa, naye akanusurika. Tangu hapo, mara mbili au tatu kwa juma, huota yuko tena mteremkoni, anakanyaga breki hazishiki, na huamka akitweta. Usiku mmoja, ndoto ikiwa bado inaendelea, wazo lamjia: "Haya yanatokea usingizini." Hali hiyo huitwa ndoto ya kujitambua, yaani muotaji hutambua kwamba anaota pasipo kuamka.

Ithibati ya kwanza ya kimaabara ilipatikana Uingereza mwaka 1975. Katika kipindi cha usingizi ambamo ndoto nyingi hutokea, misuli ya mwili hulegea, lakini macho huendelea kucheza. Mtafiti Keith Hearne alipatana na muotaji Alan Worsley kwamba akijitambua ndotoni ayapeleke macho kushoto na kulia kwa mpangilio. Ishara hiyo ilionekana kwenye mashine, huku vipimo vya ubongo vikionyesha kwamba Worsley bado amelala.

Dereva huyu anaweza kujizoeza kutambua ndoto kwa majaribio mepesi. La kwanza ni kubana pua, kufunga mdomo na kujaribu kuvuta pumzi. Aliye macho hawezi. Ndotoni pumzi mara nyingi hupita, kwa kuwa pua halisi haikubanwa. La pili ni kusoma maandishi, kutazama kando, kisha kuyasoma tena, kwani ndotoni maneno hubadilika mara kwa mara. Majaribio haya hufanywa mara kadhaa mchana, gari likiwa limeegeshwa, na kwa shaka ya kweli. Anayebana pua huku akiwa na hakika kwamba yu macho atafanya vivyo hivyo ndotoni, wala hatatambua lolote. Tena jaribio moja likisema "si ndoto", halitoshi kuwa ithibati. Kwa hiyo mtu asijipime kamwe kwa kuruka kutoka juu au kuachia usukani.

Baada ya kutambua, dereva afanye nini? Watu wengi hudhani wataiamuru ndoto wapendavyo. Kwa kweli uwezo huo una mipaka: yawezekana dereva ajue anaota na breki bado zikakataa kushika. Jambo lililo karibu zaidi na uwezo wake ni kubadili mwenendo wake mwenyewe, kwa mfano kuacha kung'ang'ania breki, kulielekeza lori pembeni, au kutazama tu akijua kwamba mwili wake umelala kitandani.

Hapo huzuka swali: akiielekeza ndoto, je, maana yake haipotei? Swali hili lina uzito kwa familia ambazo huchukulia ndoto kuwa ujumbe. Jibu hupatikana kwa kutenga sehemu mbili. Mteremko, breki na hofu vilikuja bila kuitwa, navyo vinaeleza kile ambacho dereva bado amekibeba. Kulielekeza lori pembeni ni jibu lake, wala jibu halifuti swali. Basi aandike au asimulie kwanza ndoto ilivyokuja, kisha sehemu aliyoibadili. Mhudumu wa afya halazimiki kubishana na tafsiri ya familia. Jambo la kuchunguza ni iwapo hofu inapungua mchana: je, dereva anapita Kitonga kwa utulivu zaidi, au bado mikono inatetemeka?

Kujitambua ndotoni si lazima ili kutibu jinamizi la namna hii. Njia yenye ushahidi zaidi hufanyika mtu akiwa macho: dereva huandika ndoto, huitungia mwisho mwingine, kisha huupitia mwisho huo akilini kwa dakika 10 hadi 20 kila siku. Njia nyingine, ya kuamka baada ya saa tano za usingizi, kuikumbuka ndoto na kurudi kulala kwa nia ya kuitambua, haimfai dereva mwenye safari asubuhi. Humpunguzia usingizi, na kusinzia kwenye usukani ni hatari kuliko ndoto yenyewe.

Mazoezi haya pia hayamfai mtu anayesikia sauti zisizokuwepo, au ambaye hata mchana hutilia shaka kama yaliyo mbele yake ni halisi. Huyo ahudhurie kituo cha afya kwanza. Dereva naye afike huko iwapo ndoto zinaambatana na kukwepa barabara, kushtuka ovyo au kutumia pombe ili apate usingizi, maana hizo ni dalili za jeraha la nafsi ambalo ndoto ni sehemu yake moja tu.