Uzito Unaoonekana katika Dunia Inayozunguka: Ikweta na Ncha

Mwaka 1672 mwanaastronomia Mfaransa Jean Richer alifika Cayenne, pwani ya Amerika ya Kusini, takribani nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta. Saa yake ya pendulamu, iliyokuwa imerekebishwa Paris, ilichelewa huko kwa zaidi ya dakika mbili kila siku. Ili ipige sekunde sawasawa, ilibidi pendulamu ifupishwe kwa karibu milimita 3. Wapo waliodhani kwamba joto la nchi hizo lilikuwa limeirefusha. Dai hilo halikidhi hesabu, kwani ongezeko la joto la nyuzi 20 za selsiasi hurefusha fimbo ya chuma ya mita moja kwa takribani robo ya milimita tu. Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, aliitafuta sababu katika Dunia yenyewe.

Uzito unaoonekana ni ile kani ambayo mizani huisukumia miguu ya mtu aliyesimama juu yake. Katika ncha, mtu hugeuka mahali pamoja tu, na mizani husukuma kwa nguvu sawa na mvutano wa Dunia. Katika ikweta hali ni tofauti. Mtu huyo husafiri katika duara kubwa kwa mwendo wa mita 465 hivi kwa sekunde, na sehemu ya mvutano hutumika kuupinda mwendo wake ili asitoke nje ya duara. Kinachobaki ndicho mizani inachokionyesha. Kwa aliyesimama ardhini, upungufu huo huonekana kana kwamba kuna kani inayomtupa nje, mbali na mhimili.

Kiasi chake hupatikana kwa kanuni a = ω²R. Dunia hukamilisha mzunguko mmoja kwa sekunde 86,164, si 86,400 za siku ya jua, na nusu kipenyo chake katika ikweta ni kilomita 6,378. Jibu ni 0.034 m/s². Kwa mtu wa kilogramu 70, hiyo ni kani ya nyutoni 2.4, ambayo mizani ingeisoma kama upungufu wa gramu 240 hivi.

Hata hivyo, vipimo katika usawa wa bahari hutoa 9.780 m/s² kwenye ikweta na 9.832 m/s² kwenye ncha. Tofauti ni 0.052, wala si 0.034. Kwa hiyo mzunguko peke yake hueleza takribani theluthi mbili za tofauti hiyo, na theluthi iliyobaki, yaani 0.018, hutokana na umbo la Dunia. Umbo hilo nalo ni zao la mzunguko, kwani Dunia imevimba kiunoni hata nusu kipenyo cha ikweta kikazidi kile cha ncha kwa kilomita 21.

Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Hudhani kwamba inatosha kusema aliye ikweta yuko mbali zaidi na kitovu, kisha hutumia kanuni ya kinyume cha mraba wa umbali. Hesabu hiyo huwapa 0.066, ambayo ni zaidi ya mara tatu ya kinachohitajika. Kilichosahaulika ni mvutano wa uvimbe wenyewe. Aliye ikweta amesimama juu ya uvimbe huo, na maada iliyo chini yake humvuta zaidi. Aliye kwenye ncha ameizungukwa na maada hiyo kwa mbali, pembeni, kwa hiyo humvuta kidogo kuliko ambavyo ingemvuta kama ingekuwa kitovuni. Athari hizi mbili kwa pamoja hufuta takribani 0.048, na hapo 0.018 hupatikana.

Tofauti hii haionekani kwenye kila mizani. Mizani ya vitanga viwili hulinganisha tungamo na tungamo, na pande zote mbili hupungua pamoja, hivyo haionyeshi lolote. Mizani ya springi hupima kani. Ikirekebishwa Paris, ambako mchapuko ni 9.809 m/s², kisha ikatumika Kismayo, mji wa pwani ulio karibu kabisa na ikweta, gunia la kilogramu 100 litasomeka kilogramu 99.7 ilhali hakuna hata punje iliyopungua. Mizani nyingi za kielektroniki nazo hupima kani, kwa hiyo hazisalimiki. Jaribio hilo likifanyika Nanyuki, ambayo pia iko kwenye ikweta, halitafaa kuonyesha athari ya mzunguko pekee, kwa sababu mwinuko wa karibu mita 2,000 hupunguza uzito kwa njia yake. Popote pale, kosa hugunduliwa kwa kuweka juu ya mizani jiwe la kupimia lenye tungamo inayojulikana, na huondolewa kwa kuirekebisha mizani hapo hapo inapotumika.