Pesa Imeingia, Mauzo Bado

Desemba ndio mwezi ambao maduka mengi ya rejareja huuza kuliko miezi yote, na ndio mwezi ambao vitabu vyake ni rahisi kudanganya. Droo ya keshia imejaa, mwenye duka anatabasamu, na mhasibu anajumlisha risiti za mwezi na kuziita mauzo. Lakini humo kuna pesa ambazo duka halijazifanyia kazi. Mteja ameshalipa, bidhaa hajachukua. Ama ameondoka na pointi kwenye kadi yake ambazo atakuja kuzitumia Februari, ama amenunua vocha ya zawadi iliyofungwa kwenye karatasi ya rangi na bado haijulikani atakayeileta ni nani, wala lini.

Kiwango cha kimataifa kinachotawala jambo hili ni IFRS 15, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, na kampuni za Kenya na Tanzania zinazofuata viwango hivyo zinabanwa nacho. Kinachodai ni kwamba mapato yaandikwe pale duka linapotimiza ahadi yake kwa mteja. Kupokea pesa peke yake hakutoshi. Ahadi ambayo haijatimizwa ni deni, na deni hukaa kwenye mizania, upande mmoja na madeni ya wauzaji wa jumla.

Tuchukue duka la kubuni jijini Arusha. Kila shilingi 1,000 anayonunua mteja inampa pointi moja, na pointi moja inampunguzia shilingi 50 siku nyingine. Desemba duka limeuza bidhaa za shilingi 52,000,000, tuseme VAT tumeshaiondoa. Pointi zilizotolewa ni 52,000. Zote zikitumika, punguzo litakuwa shilingi 2,600,000. Ila hazitumiki zote: watu hupoteza kadi, huhama mji, wengine hawajui hata kama wana pointi. Rekodi za miaka iliyopita zinaonyesha kwamba pointi 80 katika kila 100 ndizo hurudi, kwa hiyo thamani yake inashuka hadi shilingi 2,080,000.

Sasa mhasibu wengi humjia wazo la kutoa hizo 2,080,000 kwenye mauzo, basi. Sivyo. Mteja alilipa 52,000,000 kwa vitu viwili kwa pamoja, bidhaa na pointi, ambavyo vikiuzwa kila kimoja peke yake vingefika 54,080,000. Punguzo lililopo hapo linagawanywa kwa vyote viwili kwa uwiano. Ukipiga hesabu, bidhaa zinapata 50,000,000 kamili na pointi zinapata 2,000,000. Kwenye daftari: debiti fedha taslimu 52,000,000, krediti mauzo 50,000,000, krediti deni la pointi 2,000,000. Faida ya Desemba imepungua kwa milioni mbili, na mwenye duka aliyezoea kugawa gawio kwa kutazama mauzo ya sikukuu hatafurahi. Lakini milioni mbili hizo hazikuwa zake bado.

Zinakuwa zake kidogo kidogo. Duka linatarajia pointi 41,600 zirudi. Kufikia mwisho wa Machi zimerudi 20,800, yaani nusu, basi nusu ya deni, shilingi 1,000,000, inahamia kwenye mapato. Angalia kwamba zile pointi 10,400 ambazo hazitarudi kamwe hazikungoja siku ya mwisho. Thamani yake imeshayeyuka ndani ya zile zinazotumika.

Hapo ndipo makadirio yanapouma. Tuseme ilipofika Juni duka lilianza kuwatumia wateja ujumbe wa simu kuwakumbusha salio la pointi, na watu wakaja. Zimerudi jumla 31,200, na sasa inaonekana zitarudi 46,800, si 41,600. Mhasibu harudi kufuta vitabu vya Desemba. Anachukua 31,200 kwa 46,800, anapata theluthi mbili, na theluthi mbili ya milioni mbili ni shilingi 1,333,333. Ameshaandika milioni moja, basi robo hii anaandika 333,333 tu. Angebaki na makadirio ya zamani angeandika 500,000, akajikuta baadaye anahudumia pointi ambazo hana deni la kuzilipia. Nikiona duka limeng'ang'ania asilimia ileile ya marejesho miaka mitano mfululizo, siamini vitabu vyake.

Vocha ya zawadi ni nyepesi kwa hesabu, ila ina mitego yake. Hapa hakuna cha kugawanya. Duka letu limeuza vocha 100 za shilingi 50,000, na zote 5,000,000 zinaingia kwenye deni siku hiyohiyo, mauzo sifuri. Mwenye vocha akija kuchukua pasi au seti ya sufuria, ndipo deni linageuka mapato. Kama duka lina rekodi ya kuaminika kwamba asilimia 10 ya vocha hazirudi, linatambua sehemu hiyo sambamba na zinazorudi: zikirudi za 2,250,000, nusu ya zinazotarajiwa, linaandika mapato ya 2,500,000. Duka lililoanza kuuza vocha mwaka huu halina rekodi hiyo. Lisibahatishe, lingoje mpaka uwezekano wa mteja kuja uwe mdogo mno, kwa mfano muda wa vocha ukishapita. Na pale ambapo sheria ya nchi inataka fedha zisizodaiwa zikabidhiwe serikali, hazigeuki mapato kabisa. Kenya ina sheria ya mali za kifedha zisizodaiwa tangu 2011, na mhasibu wa huko aisome kabla ya kugusa salio la vocha za zamani.

Mtego mkubwa uko kaunta. Keshia anauza vocha na kuipiga kwenye mashine kama bidhaa. Mwezi unaofuata mwenye vocha anakuja, anachukua bidhaa, keshia anaipiga tena kama mauzo yaliyolipwa kwa vocha. Shilingi 50,000 zimekuwa 100,000. Utajuaje? Mauzo yamezidi pesa zilizopokelewa, na faida ghafi kwa asilimia imepanda bila bei kupanda. Dawa ni orodha ya vocha kwa namba zake: iliyouzwa lini, iliyorudi lini, iliyobaki. Jumla ya zilizobaki ikipishana na salio la deni, mtu atafute kosa siku hiyo. Vocha za bure za matangazo zikae kwenye orodha yake peke yake, maana hakuna aliyezilipia; hizo ni punguzo la bei zikitumika, wala hazina deni la kuahirishwa.

Kwa pointi, wizi una sura nyingine. Mteja asiye na kadi analipa, keshia anatelezesha kadi yake mwenyewe au ya shemeji yake. Kadi moja ikionyesha manunuzi arobaini kwa siku, hiyo si familia kubwa. Tena pointi hizo hurudi karibu zote, kwa sababu mwenyewe anazihesabu, hivyo zinapandisha asilimia ya marejesho na kuharibu makadirio ya kila mtu mwingine.

Ukiwa na duka, kabla ya kufunga vitabu mwaka huu mwombe mhasibu wako namba mbili: pointi zilizoko mikononi mwa wateja, na vocha ambazo hazijarudi. Akishindwa kuzitoa, usigawe gawio.