Kukuza kipande cha video bila kukiharibu

Video ya simu yenye pikseli 1280 kwa 720 ikikatwa ili abaki mchezaji mmoja tu katikati, kipande kinachopatikana huwa na pikseli 640 kwa 360. Kukirudisha kwenye ukubwa wa mwanzo ni kuhitaji pikseli 921,600 ilhali zilizopo ni 230,400. Robo tatu ya picha mpya, basi, ni makisio ya kompyuta kutokana na pikseli jirani. Namba ya jezi ambayo haikusomeka kabla ya kukuza haitasomeka baadaye.

Kosa la kawaida ni kuanza na kunoa. Video iliyobanwa huwa na chenga na viraba, mara nyingi vya pikseli 8 kwa 8, na kinoleo hakijui kutofautisha kiraba na ukingo wa jezi: hunoa vyote. Nyasi huanza kuonekana kama zulia lililofumwa, umbile ambalo uwanjani halikuwepo. Kwa hiyo viraba hulainishwa kwanza, tena kabla ya kukata, kwa kuwa kukata huweza kuhamisha mahali viraba vinapoanzia na kichujio kikakosa mipaka yake. Ndipo chenga hupunguzwa kidogo, picha ikakuzwa, na kunoa kukaja mwisho. Kwa FFmpeg, mpangilio huo ni huu:

```
ffmpeg -i mechi.mp4 -vf "deblock,crop=640:360:320:180,hqdn3d=2:1.5:3:3,scale=1280:720:flags=bicubic,unsharp=5:5:0.4:5:5:0" -crf 17 kubwa.mp4
```

Namba ya 0.4 ndiyo nguvu ya kunoa mwanga. Sifuri ya mwisho huacha rangi bila kuguswa, maana rangi ikinolewa huleta madoa kingoni.

Utepe mweupe unaozunguka umbo hutokana na hesabu ya kinoleo chenyewe. Hutengeneza nakala yenye ukungu, hutafuta tofauti kati yake na picha halisi, kisha huiongeza tofauti hiyo. Tuseme jezi nyeusi ina mwanga wa 60 na anga nyuma yake 200, na katika nakala thamani hizo zimekuwa 90 na 170. Tofauti ni 30 kila upande. Kwa nguvu ya 1.0, jezi hushuka hadi 30 na anga hupanda hadi 230: mchezaji amevikwa taji. Kwa 0.4, ni 48 na 212, na mara nyingi jicho halilalamiki.

Njia ya kukuza nayo ina mchango. Lanczos hutoa kingo kali kuliko bicubic, lakini huacha mawimbi hafifu kando yake, na kinoleo huyakuza mawimbi hayo.

Ukaguzi hufanywa pikseli kwa pikseli, bila kupunguza picha ili ienee kwenye skrini, kwa kutazama nguzo ya goli dhidi ya anga. Video ichezwe pia: umbile bandia hujificha kwenye picha iliyosimama, likaanza kutambaa zikienda.