Nusu Kilo ya Maharage, Jiko la Mkaa na Sufuria ya Presha

Mbeya iko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, na huko maji huchemka yakifika nyuzi 94, ilhali Dar es Salaam huchemka kwa nyuzi 100. Ndiyo maana maharage yale yale huchelewa zaidi kuiva Mbeya, hata mkaa ukiwaka vipi. Maji yakishachemka kwenye sufuria ya kawaida, joto lake halipandi tena. Moto wa ziada huyageuza mvuke tu. Kwa hiyo acha maharage yachemke kwa nguvu dakika 10, hasa yakiwa mekundu, maana yana sumu ya asili isiyokufa kwa moto hafifu. Kisha funga mlango wa jiko au funika makaa kwa jivu, sufuria itokote taratibu. Maji yakipungua, ongeza ya moto.

Tuchukue nusu kilo. Yachambue, yaoshe, uyaloweke jioni kwa lita moja na nusu ya maji. Asubuhi yatakuwa yamenyonya maji hadi kukaribia kilo moja. Mwaga maji ya kulowekea, kwa sababu yamebeba sehemu ya sukari zinazojaza tumbo gesi. Kwenye mkaa yataiva kwa saa moja hadi moja na nusu. Yakiingia makavu, tarajia saa mbili hadi tatu. Hapo ndipo kuloweka kunapolipa: mkaa wa saa nzima na zaidi unabaki kwenye gunia.

Sufuria ya presha hufungia mvuke, na joto la ndani hupanda hadi karibu nyuzi 120. Muda huhesabiwa tangu presha ijae, si tangu kubandika. Yaliyolowekwa huhitaji dakika 15 hivi, makavu 35 hadi 40. Tofauti haifiki nusu saa, kwa hiyo aliyesahau kuloweka bado atakula mchana. Ila usijaze kupita nusu ya sufuria, kwani povu na maganda huweza kuziba tundu la mvuke. Ukishaepua, subiri presha ishuke yenyewe. Ukiitoa ghafla, maharage hupasuka na mchuzi unakuwa uji.

Ubaya wa presha ni kwamba huwezi kuonja katikati. Mkaani unatoa punje moja, unaibonyeza kwa vidole: ikipondeka yote, tayari; ukikuta kiini kigumu cheupe, bado.

Kuna maharage yanayoshinda majiko yote mawili, yale yaliyokaa ghalani miezi mingi kwenye joto na unyevu. Hulowekwa usiku kucha yakabaki magumu. Kwa hayo presha ndiyo tegemeo, kwa muda mrefu zaidi. Nyanya na ndimu zisubiri hadi yalainike, maana ukali wake hukaza ganda, na aliyeunga mapema atachochea mkaa hadi jioni.